UZI: Soseji ya damu iliiva kabisa, mbona watu sita waliharisha usiku?

Bi_Kitunguu
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mawazo, maana jambo hili limeninyima raha wiki nzima.

Jumamosi nilipata lita 4 za damu ya nguruwe machinjioni. Waliikinga kwenye ndoo wakawa wanaikoroga isigande, nikaichuja nilipofika nyumbani. Safari ilichukua kama saa mbili, damu ikiwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, bila barafu. Nikachanganya na wali ulioiva nusu, vitunguu vingi, mafuta ya nguruwe yaliyokatwa vipande vidogo, chumvi na pilipili manga. Nilikuwa na tumbo la nguruwe lililosafishwa vizuri, nikalijaza likawa bonge moja nene, nikashona. Nikalipika kwenye maji yanayotokota taratibu kwa saa mbili na nusu. Nilichoma sindano katikati, ikatoka safi, hakuna damu.

Jioni nikazima jiko na kuliacha ndani ya maji yale yale, mfuniko juu, ili lisikauke. Asubuhi maji yalikuwa bado vuguvugu. Nikalikata vipande vinene, nikavipasha kidogo tu kwenye kikaango visije vikavunjika, tukala saa 7 mchana watu tisa. Kati ya saa 4 na saa 8 usiku, sita wakashikwa na msokoto wa tumbo na kuharisha maji maji. Hakuna aliyetapika, hakuna aliyekuwa na homa. Kesho yake mchana wote walikuwa salama, ila mama mkwe alidhoofika sana tukampa maji yenye chumvi na sukari.

Ladha ilikuwa nzuri, harufu haikuwa na kasoro. Nilikosea wapi? Au damu yenyewe ndiyo chakula cha hatari?

MamaSufuria
Pole sana dada. Kwa uzoefu wangu hapo kuna makosa mawili. Kwanza hukuweka siki. Damu lazima iwekwe siki mara tu inapotoka, ndiyo inaua wadudu. Pili haikuiva katikati. Tumbo la nguruwe ni nene, saa mbili na nusu si kitu. Ungepika saa nne yasingetokea haya.

Fundi_Soseji
Bi Kitunguu, pole kwako na kwa mama mkwe. Nimetengeneza soseji za damu kiwandani miaka kumi na saba, kwa hiyo naomba unijibu maswali matatu kabla sijasema neno. Bonge lilikuwa na unene gani, ukilikata katikati? Ulizima jiko saa ngapi hasa? Na wale watatu ambao hawakuumwa, walikula nini?

Bi_Kitunguu
Unene ni kama upana wa kiganja changu, tuseme sentimita 10 au 11. Jiko nilizima saa 1 jioni. Saa 2 asubuhi ndipo nilipolitoa. Wale watatu: mume wangu hakula kabisa, mtoto alikula kipande cha pembeni kilichokaangwa hadi kikawa kikavu, na shemeji alikula kidogo, naye pia alichukua kile cha kuungua ungua.

Fundi_Soseji
Asante, sasa picha imeanza kuonekana. MamaSufuria, wewe ni mpishi na siki unayoijua ina kazi yake: inazuia damu isigande, na ndiyo maana inatumika sana kwenye damu ya kuku na bata. Lakini vijiko vichache ndani ya lita nzima haviigeuzi damu kuwa chakula chenye uchachu wa kutosha kujilinda. Damu haina uchachu wowote wa asili, ina maji asilimia 80 hivi na protini asilimia 17 au 18. Bakteria hana mahali pazuri pa kuishi kuliko hapo.

Kuhusu kuiva, naamini iliiva. Protini za damu zinashikana zikifika nyuzijoto 75 hivi, na sindano isingetoka safi kama katikati pangekuwa bado maji. Tatizo la bonge hili halikuwa kupikwa. Tatizo ni saa 13 za baada ya kupikwa.

Kuna bakteria anaitwa Klostridiamu perfrinjensi. Anaishi kwenye utumbo wa wanyama na kwenye udongo, na hali ikiwa mbaya anajifungia ndani ya ganda gumu kama mbegu. Mbegu hiyo haiuawi na maji ya moto ya jikoni. Kupika kunaua bakteria wengine wote waliokuwa wakishindana naye, kunafukuza hewa ambayo haipendi, na kunaamsha mbegu. Kisha chakula kikianza kupoa na kufika chini ya nyuzijoto 50, yeye anaamka akiwa peke yake mezani. Kwenye nyuzijoto 43 hadi 47 anaweza kujigawa mara mbili kila dakika 10.

Fanya hesabu. Chukua bakteria 10 tu kwenye gramu moja. Saa tatu ni dakika 180, yaani kujigawa mara 18. Kama mambo yote yakimwendea sawa, wale 10 wanakuwa zaidi ya milioni mbili na nusu, na hicho ni kiasi kinachotosha kuangusha watu. Sufuria yako yenye maji mengi na mfuniko ilikaa kwenye joto hilo zaidi ya saa tatu, nina hakika, maana asubuhi bado ilikuwa vuguvugu.

Na dalili zinalingana. Walikula saa 7 mchana, wakaumwa baada ya saa 9 hadi 13. Msokoto na kuharisha, bila kutapika, bila homa, siku moja imekwisha. Huyu bakteria ndivyo anavyoumiza: unawameza wakiwa hai kwa wingi, na sumu wanaitoa wakifika utumboni mwako. Ndiyo maana waliokula vipande vilivyokaangwa hadi kukauka walipona. Moto wa kikaango uliwaua kabla hawajamezwa.

Damu_Pungufu88
Samahani wakuu, mimi nina upungufu wa damu, daktari aliniambia niongeze madini ya chuma. Kwa hiyo mnanishauri nisile soseji ya damu kabisa? Maana nimesikia ndiyo yenye chuma kuliko chakula chochote.

Muuguzi_wa_Zamu
Damu_Pungufu88, hakuna aliyesema hivyo, uzi unahusu iliyolala kwenye sufuria. Ni kweli damu ina chuma kingi: mililita 100 za damu tupu zina miligramu 40 hivi, na ni chuma ambacho mwili unakichukua kwa urahisi kuliko kile cha mboga. Ukishachanganya na wali na mafuta kinapungua sana kwa kila kipande. Lakini kwanza ijulikane chuma chako kinapotelea wapi. Hedhi nzito, minyoo, kidonda cha tumbo, vyote vinaweza kuwa chanzo, na hakuna soseji itakayoziba hapo. Na kuna watu ambao mwili wao unahifadhi chuma kupita kiasi kwa kurithi. Hao wasiguse chakula hiki.

Kitu kingine ambacho watu hawakitaji: protini ya damu ni nyingi lakini ina upungufu mkubwa wa isoleusini, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Ukila pamoja na nafaka na nyama ya kawaida haina shida. Usiifanye mlo wako wa kila siku.

Mkaguzi_wa_Nyama
Fundi ameeleza vizuri ya sufuria, ila mimi sitaki ndoo isahaulike. Nimekagua nyama miaka mingi na naona watu wanaanza hadithi jikoni wakati imeanzia kwenye kisu.

Damu ndani ya mshipa wa mnyama mzima mwenye afya ni karibu safi kabisa. Uchafu unaingia pale kisu kinapopita kwenye ngozi yenye kinyesi na matope, halafu kinaingia shingoni. Kisha damu inatiririka juu ya ile ngozi na kuingia kwenye ndoo iliyoko sakafuni. Viwanda vinavyojali hutumia kisu chenye tundu ndani na mrija, damu inavutwa moja kwa moja kutoka kwenye mshipa bila kugusa ngozi wala hewa. Ikitoka hapo inapozwa mara moja hadi nyuzijoto 3 hivi na kuwekwa hapo. Dada alibeba damu ya joto la mwili kwa saa mbili. Hiyo peke yake ni mwanzo mbaya.

Swali langu kwake: ile ndoo ilikuwa ya nguruwe mmoja au wengi? Kwenye kanuni za Umoja wa Ulaya, damu ya wanyama kadhaa ikikingwa kwenye chombo kimoja kabla ukaguzi haujamalizika, na mmoja wao akakutwa hafai, damu yote ya chombo kile inatupwa. Sababu ni nyepesi: damu haiwezi kukaguliwa kwa macho. Ini lina madoa, pafu lina majipu. Damu ya mnyama mgonjwa inafanana na ya mzima.

Fundi_Soseji
Mkaguzi, nakubali yote kuhusu ndoo. Lakini damu ile ile, kama ingepikwa na kupozwa haraka, isingeumiza mtu. Na damu safi ya kiwandani, ikilala kwenye sufuria usiku kucha, ingeumiza vile vile, maana mbegu hazikosekani. Zinaingia hata na pilipili manga.

Mkaguzi_wa_Nyama
Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Mbegu 10 na mbegu 10,000 kwenye gramu si mwanzo mmoja. Ukianza na nyingi, hata kupoza kwa haraka kiasi hakutoshi. Na yapo magonjwa ambayo anayeyapata ni yule aliyeshika damu mbichi, kabla hata ya kuwasha jiko.

Bonge_Laini
Mimi nina jambo langu linalokaribiana. Natengeneza damu ya kugandisha, ile unayoiacha itulie kwenye sinia kisha unaikata vipande. Nachanganya damu na maji yenye chumvi, nusu kwa nusu, baada ya dakika kama 15 imeshikana inatikisika kama jeli. Kisha naikata na kuitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Inatoka na matundu mengi kama sifongo na inakuwa ngumu. Pia kuna rafiki yangu anasema ikishaganda yenyewe kwenye sinia imeshaiva, kupika ni kwa ajili ya ladha. Ni kweli?

Fundi_Soseji
Matundu ni moto mkali. Maji yaliyo ndani ya bonge yanageuka mvuke na kutoboa njia, na protini zinajikaza na kukamua maji. Weka maji yasichemke, yakae kwenye nyuzijoto 80 hadi 85, yaani sufuria inatikisika pembeni bila mapovu makubwa. Acha vipande vipate joto hadi katikati pafike 75 na zaidi. Vitatoka laini kama ute wa yai lililochemshwa vizuri.

La rafiki yako ni kosa la hatari, na nalisema kwa uzito. Damu inaganda kwa njia mbili tofauti kabisa. Ile ya kwenye sinia ni ya nyuzi za fibrini, kazi ile ile inayofanyika ukijikata kidole. Haihitaji joto na haiui chochote. Ile ya kwenye sufuria ni ya joto, protini zote zinashikana. Bonge la kwenye sinia linaweza kukatika vizuri kwa kisu na bado ni damu mbichi asilimia mia.

Mkaguzi_wa_Nyama
Hiki ndicho nilichokuwa nataka kukisemea. Vietnam kuna mlo wa damu mbichi iliyogandishwa hivyo hivyo, haipikwi, na madaktari wa huko wameupokea ugonjwa wa Streptokokasi suis mara nyingi kwa watu walioula. Ni bakteria wa nguruwe, anaingia kwenye damu ya mtu na kushambulia utando wa ubongo. Wengi wanaopona wanabaki viziwi. Mwaka 2005 huko Sichuan, China, uliwapata watu 215 na 38 wakafa, na wengi wao walikuwa wamechinja au kushika nguruwe waliougua, mikono ikiwa na michubuko. Joto la kupikia linamuua bila shida. Kwa hiyo Bonge_Laini, pika, na vaa glavu kama una kidonda mkononi.

Bonge_Laini
Asanteni. Glavu sijawahi kuvaa hata siku moja. Na nikinunua damu iliyokwisha kugandishwa kutoka kwa mtu mwingine, nitajuaje kama ni nzuri?

Mkaguzi_wa_Nyama
Bonge zuri ni laini na linavunjika ukilibana kwa vidole. Likiwa linanyumbuka kama mpira na halivunjiki, au lina harufu inayochoma puani, liache. Kuna wauzaji waliowahi kukamatwa wakitia formalini ili damu ishikane na idumu. Ukitaka amani, nunua damu, ugandishe mwenyewe.

Msomaji_wa_Kale
Ningependa kuongeza kitu kuhusu tumbo la nguruwe, kwa sababu Bi Kitunguu amefanya jambo lenye historia. Mwaka 1793, katika mji wa Wildbad kusini mwa Ujerumani, watu 13 waliugua na 6 wakafa baada ya kula soseji ya damu iliyojazwa ndani ya tumbo la nguruwe. Daktari mmoja wa eneo hilo, Justinus Kerner, akaja kukusanya visa vya namna hiyo na kuvichapisha mwaka 1820 na 1822. Alitambua kwamba sumu inatokea ndani ya soseji mahali pasipofikiwa na hewa. Hadi leo ugonjwa huo unaitwa botulizimu, kutokana na neno la Kilatini la soseji. Je, hawa sita hawakuwa na huo?

Fundi_Soseji
Hapana, na tumshukuru Mungu. Anayeleta huo ni ndugu wa yule bakteria, ila kazi yake ni nyingine. Botulizimu inakamata neva: macho yanaona viwili viwili, kope zinaanguka, mdomo unakauka, kumeza kunakuwa shida, halafu pumzi. Mtu akionyesha hayo baada ya kula soseji, usisubiri asubuhi, ni hospitali saa ile ile. Kuharisha kwa siku moja bila lolote kwenye macho si huo.

Lakini somo la tumbo la nguruwe ni lile lile. Muda wa kupoa hauongezeki sawa na unene, unaongezeka kwa mraba wake. Soseji ya sentimita 4 ikiingia kwenye maji ya barafu inapoa hadi katikati kwa nusu saa hivi. Ya sentimita 10 ina unene mara mbili na nusu, kwa hiyo inahitaji muda mara sita na zaidi, karibu saa tatu, tena kwenye barafu iliyokorogwa. Kwenye friji, ambako ni hewa tu inayoipoza, ni mbali zaidi. Kiwandani tunataka katikati pashuke kutoka nyuzijoto 60 hadi 20 ndani ya saa mbili. Bonge la tumbo zima haliwezi kutimiza hilo hata ukijitahidi vipi.

MamaSufuria
Fundi nimekuelewa, na naondoa neno langu la kupika saa nne. Ila kuhusu siki bado nitaiweka. Na je, kiporo cha hiyo soseji nikikikaanga vizuri si ndiyo nimemaliza kila kitu? Umesema kikaango kiliwaokoa watatu.

Fundi_Soseji
Wawili, mama. Wa tatu hakula. Kwa perfrinjensi ni kweli, kukaanga hadi ndani pawe moto kabisa kunasaidia sana. Lakini soseji hii ina wali, na wali una mwenzake, Basilasi sereusi, ambaye akizaliana ndani ya chakula kilichopoa polepole anaacha sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haivunjwi na kikaango. Kwa hiyo kukaanga si kibali cha kuacha sufuria nje.

Bi_Kitunguu
Nimesoma kila neno, nawashukuru sana. Jana nimejaribu upya kwa damu lita moja tu. Nilienda na ndoo ndogo ndani ya boksi la barafu, nikatumia utumbo mwembamba wa kama sentimita 4, nikanunua na kipimajoto cha kuchoma. Maji niliyaweka kwenye nyuzijoto 85, katikati ya soseji ikafika 78 baada ya nusu saa hivi. Nikazihamishia kwenye beseni la maji ya barafu na kukoroga. Dakika 35 baadaye katikati ilisoma 11. Nikazifuta na kuziweka kwenye friji zikiwa hazijapangana. Tumekula leo mchana, zimekaangwa vizuri. Mama mkwe naye amekula, kwa hiari yake.

Nimebakisha nane. Nataka kuzifunga kwenye mifuko isiyo na hewa. Zitakaa siku ngapi?

Fundi_Soseji
Umefanya kazi safi sana. Kuhusu mfuko, kuwa mwangalifu. Soseji za damu na wali za Burgos, Uhispania, zimechunguzwa kwa tatizo hili hasa. Zikifungwa bila hewa, bakteria wa uchachu wanaoitwa Lyukonostoki na Waisela wanazidi wengine, mfuko unavimba kwa gesi, unatoka utelezi mweupe kama maziwa na soseji inachachuka. Hao hawaumizi mtu sana, lakini wanakuambia kwamba soseji ilichafuliwa baada ya kupikwa, mara nyingi kwa mikono wakati wa kufunga. Jikoni nyumbani mimi ningekula ndani ya siku tatu, zinazobaki ningezigandisha kwenye friza.

Muuguzi_wa_Zamu
Mimi ningesema siku mbili kwa nyumba yenye mzee.

Mkaguzi_wa_Nyama
Bi Kitunguu, hukunijibu kuhusu ile ndoo ya kwanza.

Bi_Kitunguu
Nimewauliza leo. Ilikuwa ya nguruwe wanne, na ndoo ilitoka pale kabla mkaguzi hajafika. Nguruwe mmoja alikutwa na majipu kwenye mapafu, nyama yake ikazuiwa. Damu tayari ilikuwa kwangu.

Mkaguzi_wa_Nyama
Basi damu ile ilipaswa kumwagwa yote. Kama ilichangia kuwaumiza wale sita au la, sina njia ya kukuthibitishia sasa, maana hakuna kipande kilichobaki cha kupima. Ila wapigie tena, uwaambie wasitoe ndoo tena kabla ya ukaguzi.

Bi_Kitunguu
Nitawapigia kesho asubuhi.